Bakuli la Kijipaa

Kipindi cha nane cha katuni yetu ya hadithi ya Kijipaa ndicho kilichonipeleka Kigamboni. Vipindi saba vya mwanzo vilikuwa vimebandikwa ukutani kwenye chumba chetu cha kazi Kinondoni, kila kimoja na karatasi yake, na vilisomeka vizuri. Cha nane kilikuwa na neno moja tu, "Wanahamia". Cha tisa, "Paa anaumwa". Cha kumi, "Paa anakufa". Niliposoma vyote kumi kwa sauti mbele ya wenzangu, mwongozaji wetu alinisikiliza kwa makini mpaka cha saba, kisha akaanza kuangalia simu yake. Hakufanya vile kwa dharau. Hadithi ilikuwa imekwisha na mimi bado nasoma.

Kwa asiyesimuliwa utotoni: Hamdani ni maskini anayeparua jaani akitafuta punje za mtama. Siku moja anaokota thumni, na badala ya kununua chakula ananunua paa kwa mtu anayepita na tundu. Paa huyo, Kijipaa, anasema kama binadamu. Anaokota almasi porini, lakini hampi bwana wake kwa sababu watu watasema kaiba. Anaipeleka mbali, kwa sultani, na kudai ametumwa kuposa na bwana wake, Sultani Darai. Posa inakubaliwa. Hapo inabidi Hamdani awe Sultani Darai kweli, basi Kijipaa anamlaza mtoni, anamsugua kwa mchanga, anakimbia kwa sultani na kusema bwana wake kavamiwa na wezi njiani, anarudi na nguo za kifalme. Baada ya harusi anatafuta nyumba, anakuta mji mtupu wenye jumba la nyoka wa vichwa saba, anamuua nyoka na kuwahamishia humo bwana na bibi harusi. Kisha paa anaumwa. Hamdani hamjali. Paa anakufa, anatupwa kisimani, na Hamdani aliyelala sultani anaamka yuko jaani, anaparua.

Ni hadithi ya pwani, ya zamani. Edward Steere aliisikia Unguja na kuichapisha London mwaka 1870, na ilikuwa ya watu muda mrefu kabla yake. Mimi niliisikia kwa mdogo wake bibi yangu, aliyekulia Unguja na sasa anaishi Kigamboni. Tulipoamua kuifanya katuni ya vipindi kumi, kila kimoja dakika saba, nilifanya kosa la kudhani kwamba kwa kuwa naijua, sina haja ya kwenda kuisikia tena.

Muhtasari wangu wa kwanza kabisa ulikuwa mbaya zaidi ya huo wa ukutani. Niliona vichwa saba nikaona vipindi saba: nyoka angekuwa adui wa mfululizo mzima, kila kipindi kinakatwa kichwa kimoja. Kwenye karatasi ilipendeza mno. Lakini ili nyoka awepo tangu mwanzo ilinibidi nimpe sababu ya kumtafuta Hamdani, na sababu hiyo haimo kwenye hadithi, nikaanza kubuni laana, ramani na pete. Kufika kipindi cha tatu Kijipaa hakuwa na kazi tena isipokuwa kukimbia. Niliitupa ile rasimu baada ya wiki mbili, nikarudi kwenye mpangilio wa hadithi yenyewe, ndipo nikakwama kwenye cha nane.

Nilivuka na pantoni kutoka Magogoni Jumamosi asubuhi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Leo umekuja na nini, mbona umebeba mikaratasi?"

Nikamwambia nataka anisimulie ya Kijipaa, yote, kama alivyotusimulia tukiwa wadogo, na nitamrekodi. Alikubali kwa sharti kwamba niitikie. "Paukwa!" akasema. "Pakawa!" nikaitikia, na dakika kama ishirini na tano hakunipa nafasi ya kusema neno jingine.

Nilipoandika ule mkanda neno kwa neno nyumbani, niliona mambo mawili. La kwanza ni la lugha. Msimulizi wa Kiswahili anatembea kwa "-ka-": akatoka, akaenda, akaona, akachukua, akarudi. "-ka-" ni tamu sikioni kwa sababu haisimami, lakini inaficha sababu. Ukisema "akapata nguo, akaoa, akatafuta nyumba", msikilizaji anapokea mfuatano bila kuuliza kwa nini. Kwenye masimulizi ya bibi hilo halidhuru kitu, maana sauti yake na macho yake vinaunganisha. Kwenye muhtasari wa vipindi ni sumu. Kati ya kipindi na kipindi kuna wiki nzima, na mtoto harudi kwa ajili ya "-ka-". Anarudi kwa sababu kuna jambo halijakaa sawa.

Nikajiwekea kanuni: kwenye muhtasari, "-ka-" marufuku. Kila karatasi iunganishwe na iliyotangulia kwa "kwa sababu", "ili" au "lakini". Sultani amekubali posa, lakini anataka kumwona bwana harusi. Kwa sababu hiyo Kijipaa lazima amsafishe Hamdani na kumtafutia nguo. Hamdani ameoa, lakini mke anataka kuona kwake. Kwa sababu hiyo Kijipaa lazima apate nyumba. Mji una nyumba, lakini nyumba ina mwenyewe.

Kuandika hivyo kulinionyesha kitu ambacho sikukiona miaka yote niliyoijua hadithi hii. Kutoka kipindi cha tatu mpaka cha saba, kila kazi inazaliwa na uongo mmoja: "Nimetumwa na Sultani Darai." Uongo unadai nguo, nguo zinadai harusi, harusi inadai nyumba, nyumba inadai nyoka auawe. Hiyo ndiyo injini. Mtazamaji anauliza swali lilelile wiki hadi wiki: je, watagundulika? Na nyoka anapokufa, uongo unakuwa kweli. Hamdani sasa ana mji, jumba na mke. Sultani Darai yupo. Swali limejibiwa na injini imezimika, ndiyo maana karatasi ya nane ilikataa kuandikika.

Sikuweza kuiwasha tena. Nilijaribu kuleta mtu wa mjini anayemtambua Hamdani na kutishia kumfichua, na palepale nikaona kwamba naanzisha hadithi nyingine. Hadithi inageuka hapo makusudi. Swali jipya ni "je, atakumbuka?", na ubaya wake ni kwamba haliwezi kuanza kuulizwa kipindi cha nane. Linatakiwa liwe limepandwa tangu cha kwanza, likue kimya chini ya lile la kwanza, ili siku injini inapozimika liwe tayari limemshika mtazamaji.

Jambo la pili kwenye ule mkanda ndilo lililonipa mbegu. Bibi hakutumia muda mrefu kwa nyoka. Vichwa saba vilikwisha kwa pumzi moja. Alipokawia ni kwenye chakula. Mwanzoni: "akaparua, akapata punje, moja ya paa, moja yake, moja ya paa, moja yake", na mkono wake unagawa juu ya mkeka. Mwishoni, bibi kizee aliyekutwa kwenye jumba la nyoka anapokwenda kwa Hamdani kusema paa anaumwa, apikiwe nini, jibu ni kwamba apewe uji wa mtama mwekundu, ule mbovu. Hadithi inaanza na mtama na inaishia na mtama. Sikuhitaji kubuni uzi wa kupita vipindi vyote kumi, kwani uzi ulikuwemo humo, umeshikwa ncha mbili, na kazi yangu ilikuwa kuujaza katikati.

Basi tukaweka bakuli. Kila kipindi kina picha moja ya bakuli, imechukuliwa kutoka juu, pembe ileile, mwanga uleule. Kinachobadilika ni mikono na kilichomo. Picha inakaa sekunde sita na hakuna anayesema kitu juu yake.

Kipindi cha kwanza ni kifuu cha nazi na punje zilizogawanywa katikati kwa kidole. Cha pili vilevile, ila Kijipaa amechelewa kurudi kutoka porini na nusu yake imefunikwa kwa jani. Cha tatu, yeye yuko kwa sultani, na Hamdani analala njaa huku nusu ya paa haijaguswa. Hiyo ndiyo picha niipendayo kuliko zote, maana inamfanya mtazamaji ampende Hamdani, na asipopendwa pale mwisho hauumi. Cha nne hakuna mtama, bakuli limejaa maji ya mto. Cha tano ni sinia la pilau ya harusi, na Hamdani anampigia Kijipaa fungu lake kabla hajala yeye. Cha sita Kijipaa yuko njiani kutafuta nyumba, na aliyemfungia chakula ni mtumishi. Cha saba anakula kidogo na yule bibi kizee kabla nyoka hajarudi. Cha nane wageni wamekuja, na bakuli la paa linaletwa baada ya wao kuondoka. Cha tisa ni uji wa mtama mwekundu. Cha kumi bakuli ni tupu.

Tatizo la mpangilio huu lilikuwa kati ya cha tano na cha tisa. Katika masimulizi, Hamdani anabadilika ghafla, na masikio ya kikao kimoja yanapokea. Bibi anasema tu, "akasahau", anatikisa kichwa, anaongeza kwamba asante ya punda ni mateke, na wote tumeelewa. Lakini mtoto aliyekaa na Hamdani wiki nane, aliyemwona akilala njaa kwa ajili ya paa, hatakubali aamke mbaya. Ataona tumekosea.

Nilichojifunza hapo kwa taabu ni kwamba kila hatua ya kushuka inahitaji udhuru, na udhuru uwe wa kweli, ule ambao mtazamaji mwenyewe angeutoa. Kipindi cha sita, Hamdani hamfungii Kijipaa chakula kwa sababu mkwe amemwita wakati uleule, na mtu hamkatalii mkwe siku ya pili ya ndoa. Anamwagiza mtumishi. Nani atamlaumu? Kipindi cha nane, wageni wamejaa, na ni desturi yetu mgeni kula kwanza. Kijipaa mwenyewe anasema, "Mimi wa nyumbani, nitakula baadaye." Niliandika sentensi hiyo usiku wa manane nikajua kipindi cha nane kimepatikana. Ni adabu njema kabisa, na ndani yake Hamdani anajifunza kwamba paa anaweza kungoja. Kipindi cha tisa, bibi kizee anamjia mara tatu. Mara ya kwanza yuko kwenye shauri, mara ya pili anasema paa hana ugonjwa, anadeka, mara ya tatu anakasirika kwa kusumbuliwa na kutaja mtama mwekundu. Hata hasira hiyo tumeiona kwa watu wema waliochoka.

Rasimu ya kwanza ya cha tisa nilikuwa nimempa Hamdani kicheko. Mchoraji wetu wa storibodi, ile michoro inayopanga matukio ya kipindi, kijana mtulivu asiyependa kubishana, alichora kurasa zote isipokuwa ile. Nilipomuuliza akasema, "Dada, huyu anayecheka simjui." Alikuwa sahihi, nikakitoa.

Kuna upande wa hesabu ambao mwandishi wa karatasi husahau. Tunarusha picha 25 kwa sekunde, na tunachora kila mchoro mmoja kwa picha mbili, yaani kama michoro 12 kwa sekunde. Dakika saba ni sekunde 420. Ukiuchora kila mchoro upya, kipindi kimoja kinakula zaidi ya michoro 5,000, na sisi tulikuwa watu watano. Kwa hiyo tulitumia vikaragosi vya viungo, mkono na mguu vinazungushwa bila kuchorwa upya, na tukapunguza mandhari: jaa, pori, mto, baraza ya sultani, jumba la nyoka, kisima. Sita tu. Picha ya bakuli ilisaidia hapa pia, kwa sababu mandhari yake yalichorwa kwa mpangilio mmoja na pembe haikubadilika hata mara moja. Ila kwa mikono nilikataa vikaragosi. Sekunde sita za mikono inayogawa punje ni michoro kama 72, na tuliichora yote kwa mkono. Mwongozaji alinung'unika juu ya siku zile, kisha alipoona kidole kikisogeza punje moja ya ziada upande wa paa, hakusema tena.

Tulipokuwa na animatiki, yaani michoro ya storibodi iliyopangwa kwa muda wake pamoja na sauti za majaribio, tuliipeleka Mbagala kuwaonyesha watoto wa mtaa mmoja, wa miaka sita mpaka kumi, kwenye ukumbi wa nyumba ya jamaa yetu. Nilikaa pembeni, nikawaangalia watoto na si skrini. Hiyo ndiyo njia pekee ninayoiamini: popote wanapoanza kusukumana, andika dakika. Walisukumana kipindi cha kwanza kabla ya thumni, maana neno "jaa" halikuwaambia kitu. Mmoja alidhani ni kujaa kwa ndoo. Tukaongeza mpita njia anayemwambia Hamdani aondoke kwenye jaa la takataka. Thumni wala hawakuijua, wakati wazee wa huku bado wanaikumbuka kama jina la senti hamsini. Tuliiacha, kwa kuwa sarafu inaonekana na jina lake ni zuri.

Kwenye kipindi cha sita, bakuli lilipotokea mkononi mwa mtumishi, mtoto wa kike wa mbele aliuliza kwa sauti, "Hamdani yuko wapi?" Hakuna aliyekuwa amewaambia waangalie bakuli. Nilimshika mwongozaji mkono. Kabla injini haijazimika, swali la pili lilikuwa limeshaanza kuulizwa.

Kipindi cha kumi ndicho kilicholeta ubishi mkubwa. Mtu mmoja aliyefikiria kutuchangia fedha alitaka paa apone. Alisema watoto hawapaswi kuona kifo, na nilimwelewa, nami nina watoto. Lakini paa akipona Hamdani anasamehewa bila kupoteza, na mabakuli tisa yaliyotangulia yanakuwa mapambo. Nilimjibu kwamba kifo hakitaonekana. Hatuonyeshi mzoga. Tunaona kamba ya kisima ikiteremka, tunaona sultani mwenyewe, baba wa bibi harusi, akivua kilemba na kushuka kwa ajili ya paa, na sauti zote zinakatwa isipokuwa ya maji. Hakutuchangia. Mbagala watoto walinyamaza, na mdogo kuliko wote akahamia mapajani mwa dada yake akaendelea kutazama.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ina sehemu inayolinda sanaa za jadi, kwa hiyo kabla ya kuzungumza na kituo chochote tulianza na suala la kibali. Ninawaambia wanaoanza wasiliache mwisho. Sisi lilitufanya pia tuandike wazi kwenye waraka wa mfululizo ni nini kimetoka kwenye hadithi na ni nini tumekiongeza. Orodha ya tulivyoongeza ilikuwa fupi kuliko nilivyotegemea: bakuli kuonekana kila kipindi, nyudhuru za Hamdani, na picha ya mwisho.

Picha hiyo ya mwisho niliogopa kumwonyesha bibi. Katika hadithi yake Hamdani anaamka jaani, anaparua, basi. Sisi tulimwacha aparue mpaka apate punje mbili. Anaitia moja mdomoni. Ya pili anaiweka upande wake wa kulia, pale paa alipokuwa akilala, na kamera inapanda juu kama kwa bakuli, ila bakuli halipo, ni vumbi tupu na punje.

Nilivuka tena na kompyuta yangu. Bibi aliitazama yote bila kuitikia. Mwisho akaniambia niirudishe ile ya punje. Nikairudisha.

"Na hii nani ataila?"

"Hakuna, bibi."

Akaiangalia tena. "Mbona mnaiondoa upesi hivyo?"

Ilikuwa sekunde sita kama nyingine zote. Sasa ni kumi na mbili.